Barua pepe kwa msambazaji baada ya mzigo kufika pungufu na mwingine ukiwa umevunjika: niiandike vipi?

Stoo_Arua aliandika:

Ndugu zangu, ninatunza stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili jioni, tulipokea lori kutoka kwa msambazaji wetu wa Kampala. Tulikuwa tumeagiza katoni 320 za vigae vya sakafu vya sentimita 40 kwa 40 pamoja na ndoo 60 za rangi za lita 20, na ankara iliyokuja na dereva inaonyesha idadi hiyo hiyo. Tulipopakua tulihesabu katoni 312 tu za vigae. Katoni 11 kati ya hizo zilionekana wazi kwamba zimegongwa pembeni, na vigae vya ndani vilikuwa vinalia ukizitikisa. Ndoo za rangi zilifika zote 60, ila 3 vifuniko vilikuwa vimeachia na rangi imemwagikia paleti.

Giza lilikuwa linaingia na dereva alikuwa na haraka ya kwenda Koboko. Nilisaini hati yake ya kukabidhi mzigo baada ya kuandika kwa kalamu, "vigae pungufu katoni 8, katoni 11 zimevunjika, rangi ndoo 3 zimevuja," naye akasaini chini ya maandishi yangu. Jumanne, tulipokuwa tunahamisha katoni kutoka kwenye paleti kwenda rafuni, tuligundua nyingine 6 ambazo kwa nje ni nzima kabisa lakini ndani zina vigae vilivyopasuka.

Jana nilimwandikia msambazaji barua pepe fupi nikisema kwamba katoni 25 za vigae na ndoo 3 za rangi zina matatizo na kwamba tunaomba atusaidie. Amejibu mstari mmoja tu, kwamba hati ya kukabidhi mzigo ilisainiwa na kwamba chini yake pamechapishwa maneno "bidhaa zimepokelewa zikiwa katika hali nzuri". Bosi wangu anataka niandike upya barua rasmi pamoja na hati ya mapokezi ya bidhaa, tuombe turudishiwe thamani au tuletewe nyingine. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

WaKikuubo aliandika:

Ndugu Stoo, usijisumbue na barua ndefu. Mimi nimefanya biashara Kampala miaka mingi, na kanuni yangu ni kwamba ninalipia kilichofika kikiwa kizima. Piga hesabu ya hizo katoni 25 na ndoo 3, uitoe kwenye malipo ya mwezi huu, umlipe kinachobaki na umwambie ndivyo ulivyofanya. Akitaka fedha zake, atakuja mwenyewe kuzungumza. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 2017 iko upande wa mnunuzi: muuzaji akileta pungufu, mnunuzi halazimiki kulipia ambacho hakukipokea.

MhasibuMstaafu aliandika:

Ndugu WaKikuubo, katika jambo la upungufu umesema kweli, kwani hakuna anayelazimika kulipia katoni ambazo hazikushuka kwenye lori. Njia uliyompa kijana ndiyo itakayomletea shida mpya, na nitaeleza kwa nini, maana nimeona maduka yakigombana na wasambazaji wao kwa mwaka mzima kwa kosa hili hili.

Ankara ile imetolewa kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, na humo inasomeka kwamba duka limenunua katoni 320 na ndoo 60. Ukikata malipo kimyakimya, ankara haibadiliki. Kwenye vitabu vya msambazaji deni litabaki kamili, na kila mwezi taarifa ya hesabu atakayokuletea itaonyesha kwamba unadaiwa kile ulichokikata. Kwa upande wako, kama duka limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, utakuwa umedai kodi uliyolipa kwenye manunuzi kwa kiasi kamili cha ankara, ilhali sehemu ya bidhaa hukuipata. Kinachorekebisha pande zote mbili ni hati ya kupunguza deni. Hiyo hutolewa na msambazaji mwenyewe kwenye EFRIS akirejelea FDN, yaani namba ambayo mfumo huo uliipa ankara ya kwanza, na mnunuzi hana namna ya kuitoa kwa niaba yake. Kwa hiyo lengo la barua ni kumpa mhasibu wa msambazaji kila anachohitaji ili aitoe hati hiyo bila kukuuliza swali la pili.

Sasa nirudi kwako, Stoo. Barua yako ya kwanza ilishindwa kwa sababu ulichanganya mambo matatu tofauti katika namba moja, hizo katoni 25. Katoni 8 hazikufika kabisa, na jambo hilo litathibitishwa au kukanushwa na orodha ya upakiaji ya stoo ya Kampala. Katoni 11 zilifika zimevunjika, dereva akaona na kusaini. Katoni 6 uligundua siku nne baadaye, na dereva hakuziona. Kila kundi lina ushahidi wake na nguvu yake. Ukiyachanganya, msambazaji atalishika lililo dhaifu zaidi, yaani zile 6, na kwa hilo atayakataa yote.

Maneno yaliyochapishwa chini ya hati yasikutishe. Maandishi ya mkono yaliyoongezwa na kusainiwa na pande zote mbili ndiyo yanayoeleza kilichotokea siku ile, na wewe uliyaandika kabla dereva hajaondoka. Huo ndio ushahidi wako mkubwa kuliko picha zote. Kitu kimoja tu ungeongeza: "katoni zilizobaki hazijakaguliwa ndani." Sentensi hiyo ingezilinda katoni zako 6.

Naomba unijibu mambo manne. Usafiri ulikuwa wa nani? Nyuma ya ankara pameandikwa siku ngapi za kuwasilisha malalamiko? Katika katoni zilizovunjika, umehesabu vigae vizima na vilivyovunjika kimoja kimoja? Na bidhaa hizo ziko wapi sasa hivi?

MamaUnga_Hoima aliandika:

Ninamuunga mkono Mzee Mhasibu kwa hilo swali lake la mwisho, kwa sababu ndilo lililoniumiza. Mimi ninasimamia stoo ya shule ya bweni. Muhula uliopita tulipokea mifuko ya unga wa posho, na mifuko 14 ilikuwa imelowa mvua kwa sababu turubai la lori lilikuwa limechanika. Niliandika kwenye hati, dereva akasaini, nikatuma barua siku ile ile. Kosa langu lilikuwa kwamba niliiacha mifuko ile pamoja na mingine kwenye sakafu ya stoo, na barua yangu haikuomba tarehe ya kuja kuichukua. Msambazaji alifika baada ya wiki mbili, akakuta unga umeota ukungu, akasema uharibifu umetokana na stoo yetu yenye unyevu. Hatukuweza kumthibitishia vinginevyo, na shule ilibeba hasara ile. Tangu hapo kila kilichoharibika ninakitenga siku hiyo hiyo, ninakiwekea karatasi yenye namba ya hati ya mapokezi, na kwenye barua ninaandika wazi kwamba tunakihifadhi kwa niaba ya msambazaji mpaka tarehe fulani.

Malaba_Mizigo aliandika:

Ndugu, hili ni suala la bima. Kontena likifika na upungufu, kwanza angalia namba ya lakiri mlangoni kama inalingana na iliyoandikwa kwenye hati za bandari ya Mombasa, kisha umwite mkaguzi wa bima kabla hujapakua chochote. Ukishapakua bila mkaguzi, umejifungia mlango. Mpigie wakala wako wa forodha leo.

Stoo_Arua aliandika:

Ndugu Malaba, nakushukuru, ila mzigo huu haukutoka nje ya nchi wala haukuja kwa kontena. Ni lori la wazi lenye turubai, lililopakiwa Kampala na kupita Karuma.

Mzee Mhasibu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo yako. Usafiri ulikuwa wa msambazaji, na bei tuliyokubaliana kwenye agizo la ununuzi ni ya bidhaa kufikishwa mlangoni kwetu. Nyuma ya ankara pameandikwa kwamba malalamiko yawasilishwe ndani ya siku 7 za kupokea, kwa hiyo nina leo na kesho tu. Bidhaa bado ziko kwenye paleti zake katikati ya stoo, nami nitazitenga mara moja kama Mama alivyoshauri.

Vigae nimevihesabu sasa hivi nikiwa na mwenzangu. Kila katoni ina vigae 12. Katika zile katoni 11 tulizoziona mbele ya dereva, vigae 47 vimevunjika na 85 ni vizima. Katika zile 6 za Jumanne, 19 vimevunjika na 53 ni vizima. Bosi anapendelea tuletewe vigae vingine kuliko kupunguziwa deni, kwa kuwa kuna mteja anayevisubiri.

FundiSakafu_Gulu aliandika:

Hapo kwenye kuletewa vigae vingine naomba niseme, kwa kuwa kazi yangu ni kuvilaza. Angalieni ubavu wa katoni. Mbali na jina la kigae, kuna namba ya toni ya rangi, na mara nyingi namba nyingine ya kipimo halisi. Vigae vya jina moja vilivyochomwa kiwandani kwa nyakati tofauti hutofautiana kidogo kwa rangi, hata milimita kwa ukubwa. Kigae kimoja kimoja hutaona kitu, lakini ukivilaza sebule moja vikiwa vya toni mbili, mwenye nyumba ataona mstari unapopita, hasa jua la asubuhi likiingia mlangoni. Mara mbili nimelazimika kubandua sakafu kwa sababu hiyo, na mara zote mbili duka lilikuwa limeleta "vile vile". Kama mnaomba vingine, andikeni namba ya toni iliyo kwenye katoni 295 mlizobaki nazo, na msikubali toni nyingine.

Stoo_Arua aliandika:

Nimempigia msambazaji kuuliza jambo hilo. Amesema shehena yenye toni yetu imekwisha Kampala na iliyopo sasa ni nyingine. Bosi amekubali kwamba kwa vigae tuombe hati ya kupunguza deni, na kwa rangi tuletewe ndoo 3, kwa kuwa ni nyeupe ya kawaida ya kupaka ndani. Bei kabla ya kodi ni shilingi 42,000 kwa katoni ya vigae na shilingi 150,000 kwa ndoo ya rangi.

MhasibuMstaafu aliandika:

Marahaba, mwanangu. Sasa tunaweza kuandika. Usafiri kuwa wa msambazaji ni jambo kubwa kwako. Lori lingekuwa la kwenu, mkalipakia Kampala, kwa kawaida hatari ya njiani ingekuwa yenu na ungelazimika kumgeukia mwenye lori. Kwa kuwa bei ni ya kufikishiwa mlangoni, kilichovunjika kati ya Kampala na Arua ni cha msambazaji, na barua iseme hivyo kwa sentensi moja, bila ubishi.

Ninaweka rasimu hapa chini. Mahali penye nukta, jaza namba zako.

> Kichwa: Ankara Na. …, FDN … – upungufu na uharibifu wa bidhaa zilizopokelewa Arua – ombi la hati ya kupunguza deni na ndoo 3 za rangi
>
> Kwa Meneja wa Mauzo. Nakala kwa Idara ya Uhasibu.
>
> Ndugu,
>
> Tunarejelea agizo letu la ununuzi Na. … na ankara yenu iliyotajwa hapo juu, ambayo bidhaa zake tulizipokea katika stoo yetu ya Arua siku ya Ijumaa tarehe … saa 12 jioni, kwa lori lenu lenye namba …. Kwa mujibu wa agizo letu, bei ni ya bidhaa kufikishwa mlangoni kwetu. Tunaambatanisha hati yetu ya mapokezi ya bidhaa Na. …, nakala ya hati yenu ya kukabidhi mzigo iliyosainiwa na dereva wenu, na picha. Barua hii inachukua nafasi ya ile fupi tuliyowatumia siku ya ….
>
> Kwanza, vigae vilivyoandikwa kwenye ankara ni katoni 320, na zilizoshuka kwenye lori ni 312. Katoni 8 hazikufika, na upungufu huo uliandikwa kwenye hati ya kukabidhi mzigo mbele ya dereva. Tunaomba mlinganishe na orodha yenu ya upakiaji.
>
> Pili, kati ya katoni 312 zilizofika, 11 zilikuwa zimegongwa, na vigae vya ndani vimevunjika. Dereva wenu alizishuhudia na kusaini.
>
> Tatu, siku ya Jumanne tarehe …, tulipokuwa tunahamisha mzigo, tulikuta katoni nyingine 6 ambazo nje hazina alama lakini ndani zina vigae vilivyopasuka. Hizi hazikuonekana wakati wa kupokea, na tunaziripoti ndani ya siku 7 zilizotajwa kwenye ankara yenu.
>
> Nne, ndoo 3 kati ya 60 za rangi zilifika vifuniko vikiwa vimeachia na rangi imemwagika, kama ilivyoandikwa kwenye hati ile ile.
>
> Kwa vigae tunaomba hati ya kupunguza deni kupitia EFRIS kwa katoni 25, yaani shilingi 1,050,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, shilingi 189,000. Jumla shilingi 1,239,000. Hatuombi vigae vingine kwa kuwa mmetuarifu kwamba toni Na. … imekwisha. Kwa rangi tunaomba ndoo 3 za aina ile ile zije na lori lenu lijalo, bila ankara mpya, zikiwa na hati ya kukabidhi mzigo inayotaja kwamba ni badala ya zilizovuja katika ankara hii.
>
> Bidhaa zilizoharibika tumezitenga na kuziwekea alama, na tunazihifadhi kwa niaba yenu hadi tarehe …. Mnakaribishwa kuzikagua au kuzichukua kwa gharama zenu. Sehemu ya ankara isiyo na mgogoro tutailipa kwa tarehe iliyokubaliwa.
>
> Wenu katika biashara, …

Angalia kwamba sikuandika neno "matatizo" popote, wala sikumlaumu dereva. Tumetaja kilichoandikwa, kilichoshuka, na kinachoombwa. Ile hati ya mapokezi lazima iseme namba hizo hizo: zilizofika 312, nzima 295, zilizovunjika 17, zisizofika 8. Usiandike "imepokelewa 295" ukaishia hapo, kwa sababu msambazaji atadhani katoni 25 zote hazikufika na atamshika dereva wake kwa wizi ambao hakuufanya.

WaKikuubo aliandika:

Mzee, nimekuelewa kuhusu ankara, na kweli nina msambazaji mmoja ambaye kila mwezi huniletea deni la zamani nililolikata mwenyewe. Lakini kuna jambo moja ambalo sikubaliani nalo. Unadai katoni nzima 17 wakati vigae vilivyovunjika ni 66 tu, yaani sawa na katoni tano na nusu. Vizima 138 mnavyo. Mimi ningekuwa msambazaji, ningewapa shilingi 231,000 kabla ya kodi badala ya 714,000.

MhasibuMstaafu aliandika:

Hoja yako ina uzito, na ndiyo maana nilimwomba ahesabu kimoja kimoja. Jibu langu ni kwamba duka la jumla huuza katoni iliyofungwa, na katoni iliyofunguliwa haina mnunuzi kwa bei ile. Vile vizima 138 tunavishikilia kwa niaba ya msambazaji, avichukue. Hata hivyo, wapo wasambazaji wanaolipa kwa kigae, na kama agizo halikusema lolote, jambo hilo hubaki la makubaliano. Stoo, usiitaje hesabu ya kigae kimoja kimoja kwenye barua. Iweke mkononi, uitumie watakapoiuliza.

FundiSakafu_Gulu aliandika:

Kwangu mimi vile 138 vina thamani, maana vipande vya pembeni na ngazi hukatwa kutoka kigae kizima. Duka likimuuzia fundi kwa rejareja, halipotezi kila kitu. Huenda hapo ndipo pa kukutana.

Stoo_Arua aliandika:

Ninarudi kutoa taarifa. Niliituma barua Alhamisi mchana pamoja na viambatanisho vyote, na safari hii mhasibu wao amejibu Ijumaa asubuhi. Orodha yao ya upakiaji ilionyesha kweli katoni 312, kwa hiyo zile 8 wamezikubali bila neno. Zile 11 wamezikubali kwa katoni nzima, baada ya kuona saini ya dereva, na wamesema tuvibakishe vigae vizima vilivyomo. Hati ya kupunguza deni ya katoni 19 imetoka kwenye EFRIS jana: shilingi 798,000 na kodi 143,640, jumla 941,640. Nimelinganisha FDN ya ankara iliyotajwa ndani yake na ya kwetu, nayo ni ile ile. Ndoo 3 za rangi zitakuja na lori la wiki ijayo.

Zile katoni 6 za Jumanne wamezikataa kwa sasa. Wanasema huenda zilivunjikia stoo kwetu, na watamtuma mtu wa mauzo kuziona atakapopita kuelekea Koboko. Bosi ameniuliza kama tuzuie thamani yake, shilingi 297,360 pamoja na kodi, au tulipe kwanza. Mzee, unasemaje?

MhasibuMstaafu aliandika:

Waandikie kabla ya siku ya malipo kwamba kiasi hicho mnakishikilia mpaka ukaguzi ufanyike, mkitaja barua yenu ya Alhamisi, na mlipe kingine chote kwa tarehe yake. Mtu wao akifika, mwonyeshe katoni ilivyokaa, usimfungulie wewe. Aifungue mwenyewe, aangalie kama ufa umeanzia kona ya chini, palipokaa kwenye sakafu ya lori, au katikati, kama kitu kilichodondoshwa. Kisha mwandike alichokiona, nyote wawili msaini.

Stoo_Arua aliandika:

Nimeandika hivyo leo na nakala nimempa bosi. Katoni 6 ziko kwenye paleti yake karibu na mlango, na karatasi yenye namba ya hati ya mapokezi iko juu yake.